Mpango wa Siku Tisini wa Mama Rangi

Mama Rangi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haiwezi kuutibu: akisikiliza, anasikiliza kweli. Miaka yote aliyouza rangi za nyumba dukani, mteja akisema anataka nyeupe, yeye aliuliza ukuta una unyevu kiasi gani, nani anakaa chumba hicho, watoto wana tabia ya kuchora ukutani au hawana. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Rangi, na jina likamganda hata baada ya duka kufungwa na mwenye duka kwenda kuishi kwa wanawe.

Kwa hiyo siku alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya uuzaji, katika kampuni inayouza mashine za kukanda unga kwa wenye viwanda vya mikate, alifanya kosa lake lile lile. Meneja wa mauzo alimuuliza swali moja tu, kama anaweza kuvumilia presha, kisha akaanza kueleza presha zake mwenyewe. Mama Rangi akasikiliza.

"Wateja wangu wananunua mara moja tu," meneja alisema, huku akiipapasa mashine ya maonyesho iliyosimama kati yao mezani. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye macho ya mtu aliyelala na viatu. "Mara moja! Halafu wanapotea, hata salamu hakuna. Nadhani ni bei. Na wengine wanaomba bei kwa maandishi, tunawapelekea, kimya. Na mafundi wangu hawasemezani na wauzaji wangu. Wakikutana kwenye ngazi, mmoja anarudi juu."

Afisa utumishi, mama mwembamba aliyekuwa akiandika kila neno, aliinua kichwa na kusema muda umekwisha. Meneja alimshukuru Mama Rangi kwa kumshika mkono kwa mikono miwili, kama vile yeye meneja ndiye aliyekuja kuomba kazi.

Sasa, tuelewane. Kazi hii Mama Rangi hakuitaka kwa mapambo. Yeye na binti yake walikuwa wanalala sebuleni kwa dada yake, kwenye kochi ambalo lilikuwa na shimo katikati, hivi kwamba kila usiku mama na mtoto walikutana shimoni. Dada hakuwa mbaya. Ila mama mkwe wake alikuwa anahamia pale shule zikifungwa, na sebule ndiyo ingekuwa chumba chake. Mama Rangi alishapata vyumba viwili vizuri mtaa wa pili. Mwenye nyumba alimpenda, akampenda na mtoto, lakini akasema funguo hazitoki bila barua ya ajira yenye mhuri. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi, zaidi ya kochi.

Jioni hiyo hiyo alikaa kwenye meza ya kulia chakula na simu ya dada yake, akaanza kuandika barua pepe ya shukrani.

"Asante ni neno moja," dada alisema akipita na ndoo. "Mbona unaandika kama unatunga katiba?"

"Asante tupu kila mtu anaandika, dada. Nataka wajue niliwasikia."

"Haya. Wasikie nao."

Barua yenyewe ilikuwa nzuri, tena sisemi hivyo kwa kumpendelea. Ilisomeka hivi:

"Ndugu Meneja, asante kwa muda wako wa leo, na asante zaidi kwa kunieleza ukweli wa kazi yenyewe. Nimeyafikiria uliyosema, na nimeona nikueleze ningefanya nini siku tisini za kwanza. Ili mpango usielee hewani, nimeuhesabu kuanzia Jumatatu ijayo.

Mwezi wa kwanza ni wa kujifunza. Wiki mbili nitatembea na fundi wako mmoja, niwaone wateja mashine zikiwa kazini, nisikilize bila kuuza. Kisha nitakutengenezea orodha ya wote walionunua mara moja na hawajarudi kwa mwaka mzima, tuipitie pamoja. Ulisema unadhani tatizo ni bei. Inawezekana, lakini ningependa kuwauliza wenyewe.

Mwezi wa pili, nitampigia au kumtembelea kila aliye kwenye orodha hiyo. Kila anayeomba bei kwa maandishi ataipata ndani ya siku mbili za kazi, na nitampigia tena baada ya wiki. Mwezi wa tatu, unikabidhi eneo langu la mauzo. Kipimo changu kiwe hiki: robo ya waliopotea wawe wamenunua tena, na kwa waliobaki tujue sababu ya kila mmoja. Lengo la mauzo sikuliweka, kwa kuwa sijaona hesabu zenu, na sipendi kuahidi nisichokijua. Kama kuna nililolisikia vibaya, nirekebishe. Niko tayari kuzungumza wakati wowote."

Aliisoma mara mbili, akafuta neno "kwa unyenyekevu" lililojipenyeza, akaituma. Kisha akaenda shimoni kulala.

Siku zikapita bila jibu. Jumatatu jioni simu yake mwenyewe ikalia ujumbe. Haukutoka kwa mtu. Ulitoka kwenye mfumo wa kompyuta wa kampuni, na ulisema: "Karibu kazini! Kazi yako ya leo, KUTEMBEA NA FUNDI, haijafanyika. Tafadhali eleza sababu."

Mama Rangi alidhani ni utapeli, akaufuta. Jumanne ukaja mwingine, safari hii wenye alama nyekundu: "Kazi zako zilizochelewa: mbili." Katika maisha yake yote hakuwahi kuchelewa kazini, na sasa amechelewa mara mbili kwenye kazi ambayo hana.

Asubuhi yake akampigia afisa utumishi.

"Hujaajiriwa," afisa utumishi alisema kwa upole. "Barua yako ipo, nimeshaiandika, lakini mkurugenzi yuko safarini na yeye ndiye anayesaini. Mpaka asaini, wewe kwetu ni mwombaji. Siwezi kukuambia umeajiriwa wakati hujaajiriwa, mama. Nitakuwa nakudanganya."

"Lakini mfumo unaniambia nimechelewa."

"Mfumo ni wa idara ya mauzo. Huko mimi siingii."

Akampigia meneja wa mauzo. Meneja alipokea kwa furaha ya mtu aliyeletewa mgonjwa wake akiwa mzima.

"Mama Rangi! Mpango wako ni moto wa kuotea mbali! Hapa hatujawahi kuwa na mpango. Tulikuwa na malengo tu. Niliuchukua vile vile, mstari kwa mstari, mtu wa kompyuta akauingiza kwenye mfumo. Sasa mfumo haukubali kazi isiyo na mwenyewe, ndiyo tukakufungulia jina. Hata meza unayo."

"Asante, bosi. Ila utumishi wanasema sijaajiriwa."

"Hilo ni la utumishi," meneja alisema, na sauti ikashuka kidogo, kama ya baba anayeficha masikitiko. "Mimi kwa upande wangu naangalia mpango. Na kwenye mpango, mama, nakuambia kwa kukupenda tu, uko nyuma."

Usiku ule dada alisikiliza hadithi yote, akaweka sufuria chini.

"Usiende," alisema. "Unasikia? Ukienda bila barua, wanakufanyisha kazi bure, na kesho wanachukua mtoto wa mjomba wa mtu. Wewe kaa. Waje na barua."

Shemeji, aliyekuwa anakula, alisema mawazo yake ni tofauti. "Shemeji, mimi nimeajiriwa miaka kumi na mitano na hakuna mtu kazini anayejua kama nipo. Wewe hujaajiriwa na wanakutafuta. Hiyo ni nyota. Nenda."

Mama Rangi alijua dada ana haki. Alijua kabisa. Lakini kila alipofumba macho aliona lile neno "zilizochelewa" likiwa jekundu, chini ya jina lake. Alikasirika na kujikasirikia. Kisha asubuhi akavaa viatu vya kazi akaenda.

Getini mlinzi alimsimamisha.

"Unakwenda kwa nani?"

Mama Rangi alifikiri. "Nina meza huku. Idara ya mauzo." Akataja jina lake kamili.

Mlinzi akapitisha kidole kwenye karatasi yake. "Ndiyo, yupo. Ila leo hajafika. Tangu Jumatatu hajafika huyo."

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho cha kazi?"

"Bado sijapewa."

"Basi wewe ni mgeni," mlinzi alisema, wala hakuwa na ubaya. "Kaa hapo kwenye benchi. Mwenyewe akifika nitakuita."

Akakaa kwenye benchi akijisubiri. Angejisubiri mpaka jioni, kama fundi asingetokea nyuma ya jengo akiendesha gari dogo la kampuni, lenye mikanda ya mashine imetundikwa nyuma kama soseji. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mafuta ya mashine hadi kwenye nyusi. Alisimama, akamtazama.

"Wewe ndiye yule mtu mwekundu?" aliuliza. "Kila asubuhi mfumo unaniandikia kwamba sijatembea na wewe. Panda tutembee, nimechoka kugombezwa."

Hivyo ndivyo Mama Rangi alivyoanza kazi, nje ya geti, kwa sababu ndani alikuwa mgeni. Kila asubuhi fundi alimchukua pale kwenye benchi na kila jioni alimshusha. Walizunguka viwanda vidogo vya mikate mji mzima, vyumba vyenye joto na vumbi la unga, ambako mashine zinazunguka tangu alfajiri na watu huongea kwa kupiga kelele hata zikizimwa. Yeye alisikiliza bila kuuza, kama alivyoandika. Aliuliza unga wanakanda kiasi gani, nani anasafisha bakuli, mashine ikigoma wanafanyaje.

Hilo la mwisho ndilo lililofungua mambo. Kwenye kiwanda cha tatu, mwokaji mmoja mrefu mwenye mikono kama makasia alimvuta hadi kwenye mashine yake, akamwonyesha namba ya simu iliyoandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito.

"Hii aliniandikia muuzaji aliyeniuzia," alisema. "Ikigoma nipigie, akasema. Ilipogoma nikapiga. Haipatikani. Nikapiga wiki nzima. Akaja muuzaji mwingine, akafuta ya mwenzake, akaandika yake. Huyo naye haipatikani. Nikajua kampuni imekufa. Mkanda nanunua kwa mtu wa baiskeli."

"Namba ya ofisi huna?"

"Ofisi wana simu?"

Mama Rangi akamtazama fundi. Fundi akatazama dari.

"Wauzaji wetu ndivyo wanavyofanya," fundi alisema walipotoka. "Kila mmoja anaandika namba yake, ili mteja awe wake peke yake. Muuzaji akihama anaondoka na simu, mteja anabaki na mashine. Mimi naitwa kwa wale tu wanaokuja ofisini kwa miguu."

Kwa hiyo bei haikuwa tatizo. Walipofika kwa mwingine wakakuta namba iliyokufa, na kwa mwingine mbili, moja juu ya nyingine. Wale waliopotea hawakuwa wamepotea hata kidogo. Walikuwa pale pale, wanapiga simu. Mama Rangi alijisikia furaha ya ajabu, ile ya zamani ya dukani, pale unapogundua kwamba mteja hataki rangi nyingine, anataka bomba lizibwe kwanza.

Sasa, mteja anakuuliza: nikikwama nimpigie nani? Utamjibuje? Mama Rangi aliomba namba ya ofisi kwa fundi, akaambiwa simu ya ofisi hupokelewa na mlinzi, naye huwaambia wote kwamba mwenyewe hajafika. Basi kwa aibu kidogo akachukua kalamu, akaandika ubavuni mwa mashine namba yake mwenyewe. Akajiambia ni kwa muda tu, mpaka atakapopewa simu ya kazi.

Wakapiga kweli. Mmoja alitaka mkanda, Mama Rangi akamwambia fundi, mkanda ukafika. Mwingine alitaka bei ya mashine ndogo. Mama Rangi akamwandikia meneja, meneja akatoa bei, naye akaipeleka ndani ya siku mbili, kisha akapiga tena baada ya wiki. Mteja akanunua. Meneja alimtumia ujumbe wenye alama kumi za mshangao, na chini yake mfumo ukatuma wake: "Kazi yako, KUWASILISHA ORODHA, imechelewa."

Orodha hiyo ndiyo iliyommaliza. Majina ya walionunua mara moja yalikuwa ndani ya mfumo, na mfumo ulikuwa tayari kumtumia maonyo lakini haukuwa tayari kumfungulia. Kuingia kulihitaji namba ya mfanyakazi. Namba ilitolewa na utumishi. Utumishi walisubiri saini. Mkurugenzi alikuwa bado safarini, na kila alipokaribia kurudi aliongeza nchi nyingine.

Mwezi ukaisha, na mwingine ukashika kasi. Dada sasa hakusema kitu, na kimya cha dada kilikuwa kizito kuliko maneno yake. Aliacha tu kumwekea chakula cha mchana, akisema wenye kazi hulishwa na kazi zao. Jumapili moja mama mkwe alipiga simu kuuliza sebule ina madirisha mangapi. Binti yake Mama Rangi ndiye aliyepokea, akayahesabu kwa sauti, na Mama Rangi akaenda jikoni akalia huku bomba limefunguliwa.

Kesho yake ikaja barua ya kampuni, kwa mkono, na mhuri mkubwa wa buluu. Aliipasua bahasha haraka, maana mhuri ndio aliokuwa anauota. Ilikuwa barua ya onyo. Ilimtaka afike mbele ya kamati ya nidhamu kueleza kwa nini hakuwasilisha orodha aliyoahidi, na ikamkumbusha kwamba anaweza kufuatana na mfanyakazi mwenzake.

Alimpelekea mwenye nyumba, akijaribu bahati. Mwenye nyumba aliisoma polepole, akasifu mhuri, akasema anasubiri ile nyingine.

Siku ya kamati mlinzi alimfungulia geti bila swali, kwa kuwa barua ilimtaja kama mtuhumiwa, na watuhumiwa walikuwa na karatasi yao. Alifuatana na fundi. Ndani ya chumba cha maonyesho, pale pale alipofanyiwa usaili, walikaa watatu: meneja wa mauzo, afisa utumishi, na mzee mmoja aliyechomwa na jua la mbali, suti yake bado ina mikunjo ya sanduku. Huyo ndiye mkurugenzi. Alikuwa ameshuka asubuhi hiyo.

"Nani huyu?" mkurugenzi aliuliza.

"Ni mfanyakazi ambaye hajatimiza mpango wake," meneja alisema kwa huzuni.

"Ni mwombaji," afisa utumishi alisema.

Mkurugenzi aliwatazama wote wawili. "Mpango anao?"

"Anao. Mzuri sana."

"Ameutimiza?"

"Sehemu. Orodha hajaleta."

"Orodha iko ndani ya mfumo wenu," Mama Rangi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Siwezi kuufungua mpaka niajiriwe. Mwezi na zaidi nakaa kwenye benchi la nje. Wateja niliwaona kwa miguu yangu. Hawakukimbia bei, wanapiga namba za watu waliokwishahama!"

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia sehemu ya kwanza ya sentensi tu. Alikuwa na ndege nyingine Alhamisi, na alipenda kumaliza mambo. Alisema kampuni ina utaratibu: mtu akiahidi kwa maandishi na asitekeleze, anaachishwa. Afisa utumishi akanong'ona kwamba haiwezekani kumwachisha mtu ambaye hajaajiriwa. Mkurugenzi akauliza kama jina liko kwenye mfumo. Liko. Meza anayo? Anayo. Basi anaachishwa, akasema, akasaini. Ilikuwa saini ya kwanza aliyoitoa tangu Mama Rangi aombe kazi, na ilimtoka haraka, kwa herufi nzuri.

Mama Rangi alijisikia mjinga, na aliona dada yake alivyokuwa na haki tangu mwanzo. Hasira ilimjaa mpaka masikioni, zaidi kwa ajili ya mtoto aliyehesabu madirisha.

"Kuna jambo moja," afisa utumishi alisema, akipekua makaratasi, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchangamka. "Kwa miezi hii nisingeweza kuipitisha barua yako hata kama mkurugenzi angekuwepo, kwa kuwa, nimeambiwa leo, kwenye mfumo nafasi ilionekana ina mtu. Ulikuwa ni wewe. Sasa kwa kuwa umeachishwa, nafasi iko wazi. Ukitaka unaweza kuomba."

Kabla hajajibu, simu yake ililia. Alitaka kuizima, kidole kikateleza, sauti ikajaa chumba kizima. Alikuwa ni yule mwokaji mrefu, na nyuma yake mashine zikinguruma.

"Mama! Nafungua duka la pili. Nataka mashine mbili, moja kubwa, moja ndogo. Nije lini?"

Meneja alisimama bila kujua amesimama.

"Bosi wangu, samahani," Mama Rangi aliiambia simu. "Nimeachishwa kazi sasa hivi."

Mwokaji akapandisha sauti juu ya mngurumo.

"Na nani?"

"Wako hapa mbele yangu."

"Basi acha," mwokaji alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Nimeshaachwa na wawili wenye namba kwenye mashine yangu. Wa tatu siwezi. Namba yako naifuta leo, nakwenda kwa wale wengine wa mtaa wa chini."

Mama Rangi aliitazama simu, kisha akawatazama wale watatu, na ndipo akaona kitu ambacho kamati yote ilikuwa haijakiona. Kila mashine aliyoigusa mji mzima ilikuwa na namba yake yeye. Akitoka mlangoni na simu hii mfukoni, wateja watapotea tena, safari hii kwa sababu yake. Hakufurahi. Wale watu walimwamini.

"Usifute," alisema. "Subiri kwenye simu, bosi. Dakika chache." Akaiweka mezani, karibu na mashine ya maonyesho. Kisha akamgeukia afisa utumishi. "Nafasi ipo wazi? Naomba."

"Usaili unahitaji watu watatu," afisa utumishi alisema.

"Si hao watatu?"

Afisa utumishi akawahesabu, akakuta ni kweli, akatoa fomu mpya. Mkurugenzi alitazama saa, kisha simu iliyokuwa ikinguruma mezani, kisha akaketi vizuri.

"Kazi yako ya mwisho ulikuwa wapi?" afisa utumishi alianza.

"Hapa."

"Kwa nini uliondoka?"

"Niliachishwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kuchelewa kabla ya kuajiriwa."

Afisa utumishi aliandika yote. Alikuwa mwaminifu kwa fomu kama wengine walivyo kwa dini. "Una mdhamini anayeijua kazi yako?"

"Mimi hapa!" simu ikasema. "Mkanda aliniletea siku ile ile niliyoomba. Andikeni hilo."

"Na mimi," fundi alisema kutoka pale ukutani aliposimama. Fundi huyo alikuwa hajamsemesha mtu wa idara ya mauzo kwa miaka, na meneja alimtazama kana kwamba kabati limekohoa.

Likabaki swali la meneja. Alijipangusa jasho. Alikuwa anataka kumsaidia, hilo lilionekana usoni, lakini siku hizi alikuwa na swali moja tu, lile la mpango, na hakujua jingine.

"Tukikuajiri," alisema, "siku tisini za kwanza utatufanyia nini?"

Mama Rangi alijua jibu. Angeweza kulitoa lote akiwa amefumba macho, pamoja na namba ya ofisi kubandikwa kwenye kila mashine, na simu moja ya kampuni ambayo haihami na mtu, na mlinzi kufundishwa kupokea. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini. Aliyameza.

"Kwanza msaini," alisema. "Halafu nitawaambia."

Meneja alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akamtazama afisa utumishi. Yule mama mwembamba alifungua droo, akatoa barua ya ajira iliyokuwa imelala humo tangu usaili wa kwanza, akabadilisha tarehe kwa kalamu, na kuisogeza mbele.

"Na siku za majaribio," Mama Rangi alisema, mkono wake juu ya karatasi, "hazianzi leo. Nilianza Jumatatu ile mliyoiweka wenyewe kwenye mfumo. Andikeni hiyo hiyo, na mshahara uhesabiwe kuanzia hapo."

"Lakini—" mkurugenzi alianza.

"Jamani, mimi nina mikate motoni," simu ikasema.

Mkurugenzi akaandika tarehe, akasaini. Afisa utumishi akapuliza mhuri pumzi ya joto, akaugonga. Mama Rangi aliisoma barua yote, mstari kwa mstari, huku kamati, fundi na simu moja wakimsubiri. Machozi yalimlenga, akayaacha. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani kabisa ya mkoba wake, akafunga zipu, kisha akaichukua simu.

"Uko hapo, bosi?"

"Nipo."

"Haya, niambie. Hilo duka la pili, kwa siku litakanda unga kiasi gani?"